Aljebra ya mahusiano: nani amefanya kozi ZOTE za lazima? Mimi napata jina moja, mwenzangu anapata mawili

Nyakwar_Kondele:
Wadau, habari za jioni. Niko Kisumu, mwaka wa pili, nasoma hifadhidata. Mhadhiri ametuachia zoezi la kugawanya na ametukataza kutumia kompyuta, anataka tufanye kwa kalamu. Jedwali lenyewe, `amefanya`, ni hili:

```
mwanafunzi   kozi          daraja
Achieng      Hisabati      A
Achieng      Takwimu       B
Achieng      Hifadhidata   A
Achieng      Uchumi        C
Chebet       Hisabati      B
Chebet       Takwimu       B
Chebet       Hifadhidata   B
Wafula       Hisabati      A
Wafula       Takwimu       C
Wafula       Uchumi        B
Njoroge      Hisabati      E
Njoroge      Hisabati      C
Njoroge      Takwimu       B
```

Jedwali la pili, `lazima`, lina safu moja tu, `kozi`, na ndani yake mna Hisabati, Takwimu na Hifadhidata. Swali: ni nani amefanya kozi zote za lazima? Nimegawanya la kwanza kwa la pili nikifuata hatua za darasani, nikapata Chebet peke yake. Mwenzangu ninayeishi naye anasema ni Achieng na Chebet. Nikitazama kwa macho, naona kweli Achieng anazo zote tatu. Sasa hesabu yangu imemtupa wapi?

Mzee_wa_Lanet:
Kijana, mbona mnajitesa? Kugawanya ni kugawanya. Una mistari 13 na wanafunzi 4, ukigawa unapata 3 na moja inabaki. Kila mtu amefanya kozi 3 kwa wastani. Achieng ndiye mwenye ile moja ya ziada.

Simiyu_Bgm:
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapa haligawanywi namba, linagawanywa jedwali. Hakuna wastani hapa.

Nyakwar, usihangaike na kalamu. Hesabu tu. Kozi za lazima ni 3, basi mtu mwenye 3 amemaliza:

```sql
SELECT mwanafunzi
FROM amefanya
GROUP BY mwanafunzi
HAVING COUNT(*) = 3;
```

Mistari minne, umemaliza, unaenda kula. Mimi nimeitumia kazini na hakuna aliyelalamika.

Binti_Njoro:
Simiyu, umeiendesha hiyo juu ya data yake kabla ya kuiweka hapa? Inatoa Chebet, Wafula na Njoroge. Wafula hajawahi kukanyaga darasa la Hifadhidata, ila Uchumi imemjazia hadi tatu. Njoroge amefanya kozi mbili tu, lakini alirudia Hisabati baada ya kupata E, kwa hiyo ana mistari mitatu. Na Achieng, ambaye amemaliza kweli, umemfukuza kwa sababu ana nne. Majina matatu, mawili ya uongo, na mmoja wa kweli yuko nje analia.

Simiyu_Bgm:
Hahaha haya. Basi weka `>= 3`, Achieng arudi.

Binti_Njoro:
Achieng atarudi, na Wafula na Njoroge watabaki walipo. Sasa umewapitisha wote wanne.

Fundi_wa_Jedwali:
Nimefanya kazi ya rekodi za wanafunzi hapa Nakuru kwa muda, na swali hili ndilo linalorudi kila msimu wa mahafali. Nitamjibu Simiyu baadaye, kwanza mwenye uzi.

Nyakwar, ile hatua ya kuzidisha, pale unapomwandika kila mtu mbele ya kila kozi ya lazima, ulipata mistari mingapi?

Nyakwar_Kondele:
30. Mkono uliuma.

Fundi_wa_Jedwali:
Basi tumempata mwizi. Ingepaswa kuwa 12, yaani watu 4 mara kozi 3. Thelathini ni 10 mara 3, maana yake hukuzidisha orodha ya watu, ulizidisha orodha ya mtu pamoja na daraja lake. Achieng ana A, B na C, hao ni Achieng watatu. Chebet ana B tu, huyo ni mmoja. Wafula watatu, Njoroge watatu. Jumla kumi.

Ukigawanya jedwali lenye safu tatu kwa jedwali lenye safu moja, safu zote zilizobaki huingia kwenye jibu. Nawe ulibaki na mbili, `mwanafunzi` na `daraja`. Kwa hiyo swali ulilojibu ni hili: nani amepata daraja moja lilelile katika kozi zote za lazima? Achieng mwenye A anazo Hisabati na Hifadhidata lakini hana Takwimu, akaanguka. Achieng mwenye B ana Takwimu pekee, akaanguka. Chebet ana B kila mahali, akapita. Hesabu yako haina kosa hata moja, tatizo ni kwamba imejibu swali ambalo mhadhiri hakuuliza.

Ondoa safu ya `daraja` KABLA ya kugawanya. Bakiza `mwanafunzi` na `kozi` tu, kisha endelea. Na kwa kuwa aljebra hii inashughulika na seti, mistari miwili ya Njoroge na Hisabati itajikunja iwe mmoja yenyewe, kwa hiyo kutoka 13 utabaki na 12.

Nyakwar_Kondele:
Omera! Nimerudia. Achieng na Chebet. Ila naomba uipitishe polepole, kwa sababu nimefuata hatua kama kasuku, sijui kwa nini tunatoa mara mbili.

Fundi_wa_Jedwali:
Fomula yenyewe, R ikiwa jedwali lako lenye safu mbili na S ikiwa `lazima`:

```
R ÷ S = π_mwanafunzi(R) − π_mwanafunzi((π_mwanafunzi(R) × S) − R)
```

Soma kutoka ndani kwenda nje, na π ni kubakiza safu iliyotajwa tu. Sehemu ya `×` inaandika dunia ambayo kila mtu amefanya kila kozi ya lazima. Jozi 12, na hakuna Uchumi humo kwa sababu Uchumi haimo kwenye S.

Sasa toa R, yaani futa kila jozi ambayo imetokea kweli. Achieng anafuta zake tatu, Chebet tatu, Wafula mbili, Njoroge mbili. Mistari ya R yenye Uchumi haipati cha kufuta, inapita hivihivi, na hiyo ndiyo sababu kozi za ziada hazimdhuru wala kumsaidia mtu. Umefuta 10, zimebaki mbili: Wafula na Hifadhidata, Njoroge na Hifadhidata.

Simama hapo kidogo, kwa sababu jozi hizo mbili ni orodha ya madeni. Kila mstari unamtaja mtu na kozi anayodaiwa. Ukibakiza safu ya majina tu unapata wadaiwa, Wafula na Njoroge. Ukiwatoa kwenye orodha ya watu wote, waliobaki ni wasiodaiwa.

Hiyo ndiyo sababu ya kutoa mara mbili. Aljebra ya msingi haina njia ya kusema "zote" moja kwa moja. Ina kuchagua mistari, kubakiza safu, kuzidisha, kuunganisha, kutoa. Kwa hiyo "amefanya zote" tunaisema kwa mzunguko: hakuna kozi ya lazima ambayo hajaifanya. Kila "ha-" kwenye sentensi hiyo ni alama moja ya kutoa. Codd, aliyebuni aljebra hii, alipoiweka opereta hii kwenye maandishi yake ya 1972, hakuongeza uwezo mpya, alifupisha tu mzunguko huo ukawa alama moja.

Binti_Njoro:
Na kuhusu jina la kugawanya, Mzee wa Lanet hakukosea kabisa. Ukichukua jibu, Achieng na Chebet, ukalizidisha na S, unapata jozi 6, na zote sita zimo ndani ya R. Hakuna jibu kubwa zaidi ya hilo lenye sifa hiyo, kwa sababu ukimwongeza Wafula unaleta jozi ambayo R haina. Zile jozi za R zilizobaki nje, Uchumi ya Achieng na za akina Wafula na Njoroge, ndizo baki. 13 kwa 4 ni 3 na baki 1, mtindo ni uleule.

Mzee_wa_Lanet:
Asante binti yangu. Nilijua tu kuna baki.

Simiyu_Bgm:
Sawa nimeelewa, lakini kazini hakuna anayeandika π. SQL haina neno la kugawanya. Na bado nasema kuhesabu ni rahisi kuliko hayo ya kukataa mara mbili.

Fundi_wa_Jedwali:
SQL kweli haina. Na kuhesabu si dhambi, ila uhesabu kitu sahihi. Yako ilihesabu mistari yote ya mtu. Hesabu kozi tofauti, na zile za lazima tu:

```sql
SELECT a.mwanafunzi
FROM amefanya a
JOIN lazima l ON l.kozi = a.kozi
GROUP BY a.mwanafunzi
HAVING COUNT(DISTINCT a.kozi) =
       (SELECT COUNT(*) FROM lazima);
```

`JOIN` inaitupa Uchumi, `DISTINCT` inakunja marudio ya Njoroge, na ile 3 haijaandikwa kwa mkono, kwa hiyo idara ikiongeza kozi ya nne huendi kutafuta 3 zilizofichwa kwenye programu 20. Hii inatoa Achieng na Chebet.

Njia ya pili ni fomula ileile ikiwa imevaa nguo za SQL, na `wanafunzi` ni jedwali la wote waliojiandikisha:

```sql
SELECT w.mwanafunzi
FROM wanafunzi w
WHERE NOT EXISTS (
  SELECT * FROM lazima l
  WHERE NOT EXISTS (
    SELECT * FROM amefanya a
    WHERE a.mwanafunzi = w.mwanafunzi
      AND a.kozi = l.kozi));
```

Isome kama sentensi: nipe mwanafunzi ambaye hakuna kozi ya lazima ambayo hakuna rekodi yake ya kuifanya.

Nesi_Kakamega:
Samahanini kuingilia, mimi si mtu wa kompyuta hasa, niko kliniki ya watoto na najaza rejista. Naomba kuuliza kama ni kitu kilekile. Tunatafuta watoto waliopata chanjo zote. Kijana wa takwimu alitutengenezea ripoti na inasema karibu watoto wote wachanga wanadaiwa. Mtoto ana wiki kumi, mama amemleta kila mara, ripoti inasema hajamaliza kwa sababu hana ya surua. Ya surua ni miezi tisa!

Fundi_wa_Jedwali:
Dada, ni kilekile, na umeleta sehemu ngumu kuliko zoezi la Nyakwar. Kijana wenu ametumia orodha moja ya lazima kwa watoto wote. Kwa mtoto wa wiki kumi, orodha ni ile inayofaa umri wake, na surua bado haimo. Kwa wa miezi kumi, imo. Kinachogawa kinabadilika kwa kila mtoto.

Kwetu ilikuwa hivyohivyo. Mwanafunzi wa ualimu hadaiwi kozi za uhandisi. Opereta ya kitabuni, `R ÷ S`, ina S moja tu kwa kila mtu, kwa hiyo hapo haitoshi yenyewe. Lakini ile `NOT EXISTS` inakubali kwa mstari mmoja tu ndani ya `lazima`:

```sql
WHERE l.programu = w.programu
  AND NOT EXISTS ( ... )
```

Kwenu badala ya programu iwe umri: chanjo ambayo wiki zake zimeshafika kwa mtoto huyu. Mwambie kijana aweke safu ya wiki kwenye jedwali la chanjo, kisha alinganishe na umri wa mtoto siku ya ripoti.

Nesi_Kakamega:
Nitamwonyesha kesho. Halafu kuna lingine. Pentavalenti inadungwa mara tatu, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Sisi kwenye mashine tunaandika "Pentavalenti" tu na tarehe. Hiyo ya kukunja marudio mliyomwambia Simiyu si itakunja zote tatu ziwe moja?

Binti_Njoro:
Swali zuri kuliko yetu yote. Ndiyo, itakunja. Mtoto aliyedungwa mara moja na aliyedungwa mara tatu watafanana. Njoroge kurudia Hisabati hakumwongezei kitu, lakini dozi ya pili ni hitaji jipya. Dawa ni kuandika Penta 1, Penta 2, Penta 3, kwenye orodha ya lazima na kwenye rejista pia. Kugawanya hakuwezi kutofautisha vitu ambavyo nyinyi wenyewe hamjavitofautisha kwa jina.

Nyakwar_Kondele:
Na E ya Njoroge? Tuseme alifanya Hifadhidata akapata E. Si angepita?

Fundi_wa_Jedwali:
Angepita, kwa sababu swali lenu linasema "amefanya". Mkitaka "amefaulu", chuja kwanza: tupa mistari ya E, kisha ondoa safu ya daraja, kisha gawanya. Usigeuze mpangilio. Ukishaondoa daraja huwezi tena kujua nani alifeli.

Na kwa kuwa mnaanza kazi, niwaambie jinsi ya kujua kuna kitu kimeharibika. Mwaka mmoja tuliendesha ripoti ya wanaohitimu, ikarudi tupu. Hakuna hata mmoja. Watu walianza kuandika upya SQL. Mimi nilichofanya ni kutoa ile orodha ya madeni ya katikati, nikahesabu kwa kozi badala ya kwa mtu. Kozi moja ilikuwa inadaiwa na kila mwanafunzi wa programu. Wanafunzi wote hawawezi kukosa kozi moja kwa bahati mbaya. Mtu alikuwa amebandika orodha ya lazima kutoka kwenye lahajedwali na mstari wa mwisho ulikuwa mtupu, `NULL`. Hakuna rekodi inayolingana na `NULL`, kwa hiyo kila mtu alidaiwa kozi isiyo na jina. Nimeona pia msimbo wa kozi ukiandikwa na nafasi katikati upande mmoja na bila nafasi upande mwingine, matokeo yakawa yaleyale.

Kwa hiyo jibu likiwa tupu, msikimbilie fomula. Tazameni madeni. Yakirundikana kwenye kozi moja, kosa liko kwenye orodha. Yakitawanyika, pengine ni kweli watu hawajamaliza.

Simiyu_Bgm:
Nimezijaribu zote mbili kwenye data yangu, zinakubaliana. Isipokuwa mahali pamoja. Kuna idara mpya ambayo haijaingiza kozi zake za lazima, orodha ni tupu kabisa. Ya kuhesabu inasema hakuna aliyemaliza. Ya `NOT EXISTS` inasema WOTE wamemaliza, hata waliojiandikisha juzi! Hiyo si hitilafu?

Fundi_wa_Jedwali:
Si hitilafu ya programu. Kama hakuna kinachodaiwa, hakuna mdaiwa, kwa hiyo aljebra nayo inasema wote. Ile ya kuhesabu inashindwa mapema zaidi: `JOIN` na orodha tupu haitoi mstari wowote, basi hakuna kikundi cha kuhesabu, na hakuna wa kulinganishwa na sifuri.

Kuna tofauti ndogo nyingine. Fomula ya Nyakwar inaanza na majina yaliyomo kwenye R. Aliyejiandikisha juzi na hajafanya kozi yoyote hayumo kwenye R, kwa hiyo hatatokea. SQL yangu inaanza na jedwali la `wanafunzi`, kwa hiyo atatokea.

Simiyu_Bgm:
Kihesabu sawa. Lakini nikimpelekea msajili orodha inayosema watoto wa mwaka wa kwanza wahitimu, nitafukuzwa mimi, si aljebra. Bora yangu ya kuhesabu inyamaze.

Binti_Njoro:
Inyamaze vipi? Msajili akiona "hakuna aliyemaliza" ataamini wanafunzi ni wavivu, na idara itaendelea kukaa bila orodha. Kimya nacho ni jibu la uongo.

Fundi_wa_Jedwali:
Mimi ningeiacha `NOT EXISTS` na kuweka ukaguzi mbele yake: programu isiyo na kozi za lazima isiingie kwenye ripoti, itajwe pembeni. Lakini najua wenye mifumo mizuri tu wanaofanya kama Simiyu, na sijaweza kuwashawishi.

Mzee_wa_Lanet:
Na kule ambako mwanafunzi anachagua kozi mbili katika nne? Mjukuu wangu yuko hivyo.

Fundi_wa_Jedwali:
Mzee, hapo kugawanya hakufai. Kugawanya kunajua "zote" tu. "Mbili kati ya nne" ni kuhesabu, kwa hiyo chukua SQL ya `COUNT(DISTINCT ...)`, jedwali la `lazima` libadilishe liwe la zile nne, na upande wa kulia uandike `>= 2`. Simiyu afurahi.

Simiyu_Bgm:
Nimefurahi 😂

Nyakwar_Kondele:
Nimemaliza zoezi, nawashukuru. Kuna sehemu ya (c) sikuiweka: "Wafula alihamia kutoka chuo kingine, na huko alifanya kozi inayohesabiwa sawa na Hifadhidata. Rekebisha." Nianze kwa kubadilisha R, au S?

Binti_Njoro:
R. Ongeza jedwali la kozi zinazolingana, tafsiri kozi yake ya zamani iwe Hifadhidata, kisha gawanya kama kawaida.

Fundi_wa_Jedwali:
Hapo mimi na Binti tunatofautiana. Ukibadilisha R, rekodi itaonekana kama Wafula alikaa darasani kwenu. Ningeacha R ilivyo na kuweka ulinganifu ndani ya ile `NOT EXISTS` ya ndani. Ila hilo kwa kalamu litakuchosha, Nyakwar. Muulize mhadhiri anataka ipi.